Barua ya wazi: "Tairi ilipasuka" sio sababu ya ajali, fungueni upya faili la kijana wetu wa Makambako

Kwenu mnaosimamia ukaguzi wa magari, mizani na usalama barabarani huku Nyanda za Juu Kusini, na nyinyi wenye magari ya mizigo mnaopita njia hii ya Mbeya kwenda Iringa kila siku. Shikamooni kwa mliotutangulia, na wengine habari za kazi.

Mimi ni fundi matairi, kijiwe changu kiko Makambako kando ya barabara kuu. Naandika kuhusu ajali ya mwezi uliopita kati ya Igawa na Makambako, lori la ekseli mbili limebasti tairi ya nyuma kushoto likiwa limeshaiacha Igawa na kuanza kupanda huku kwetu, na kijana mpakiaji aliyekuwa amekaa juu ya magunia akaangukia lami. Amevunjika paja la kushoto na bega limechomoka. Ana miaka ishirini na kitu, mama yake anauza ndizi stendi, wengi wa hapa mnamjua, jina sitaliandika.

Kilichonifanya niandike ni maneno mawili yaliyoko kwenye taarifa ya ajali, sehemu ya chanzo, pameandikwa "tairi ilipasuka" basi, imeisha. Ndugu zangu hicho sio chanzo, hicho ndo kilichotokea. Tairi haipasuki yenyewe tu, kuna kitu kimeipasua na hicho kitu huwa kinaacha alama, na kwenye ajali hii alama zipo mpaka leo. Kuna karatasi ya mizani, kuna namba ya umri wa tairi na kuna fomu ya ukaguzi wa gari, hizi tatu zipo ila hakuna mtu aliyeziweka meza moja akazisoma pamoja. Naomba niziweke mimi hapa, halafu nyinyi wenye mamlaka mkazithibitishe.

Nianze na mzigo maana ndo kila mtu anakimbilia kusema gari lilizidisha. Lori lilipakia viazi mviringo kule juu Isyonje, likapita mizani upande wa Mbeya na karatasi ikatoka safi. Dereva alinionyesha nikaipiga picha, ekseli ya mbele kilo 6,140, ekseli ya nyuma kilo 10,260, jumla kilo 16,400. Sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, hii tunayoitumia, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya mbele yenye matairi mawili na tani 10 kwenye ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne, na kwenye ekseli kuna uvumilivu wa asilimia 5, kwa hiyo 10,260 ilipita kihalali kabisa na aliyeipitisha hakukosea.

Ila mzigo wa kwenye karatasi sio mzigo uliokuwepo tairi ilipobasti. Walipofika Igurusi wakaongeza gunia 12 za mpunga za mfanyabiashara mmoja, zikapangwa nyuma kabisa karibu na bodi la mkia. Mpango ulikuwa zishushwe kabla ya kuifikia mizani ya mbele, na ndo maana yule kijana akapandishwa kwenye gari, kazi yake ilikuwa kuzishusha hizo gunia 12 halafu arudi kwao. Hii biashara kila mtu wa njia hii anaijua. Zilikuwa lumbesa, wakati kanuni za vipimo zinasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Kesho yake mwenye mpunga alipokuja kukusanya zilizomwagika tukapima tatu kwenye mzani wake mwenyewe, zikaja 118, 121 na 124. Tuseme wastani 121, mara 12 ni kilo 1,452. Mzigo ukiwekwa nyuma ya ekseli ya nyuma ekseli ya mbele haiusaidii kitu, wote unadondokea nyuma na mbele kunapungua kidogo, kwa hiyo pale nyuma palikuwa na kilo 11,700 hivi, yaani wamezidisha tani moja na zaidi juu ya ile iliyoruhusiwa.

Hapo wengi mtasema basi jibu limepatikana. Subirini kwanza.

Tairi zote nne za nyuma zilikuwa saizi 295/80R22.5 na ubavuni zimeandikwa 152/148M. Hizo namba watu wanazipita kama mapambo ila ndo cheti cha kubeba mzigo cha hiyo tairi. Ile 152 maana yake tairi ikifungwa peke yake inabeba mpaka kilo 3,550, na 148 maana yake ikifungwa pacha, mbili mbili kama zinavyokaa nyuma, kila moja inabeba mpaka kilo 3,150. Ile M ni spidi, mwisho kilomita 130 kwa saa. Sasa chukua kilo 11,700 gawa kwa nne, kila tairi inapata 2,925. Ni chini ya 3,150. Narudia, hata na ule mpunga ulioongezwa kwa kuificha mizani, kama tairi zote nne zingekuwa nzima na upepo wake kamili zingebeba. Barabara ingeumia, springi zingelia, faini mngewapiga na ingekuwa haki yao, lakini tairi kwa hesabu ilikuwa bado haijafika mwisho. Kwa hiyo anayesema uzito peke yake ndo umemvunja huyu kijana hajapiga hesabu mpaka chini.

Kilichovuruga hesabu ni tairi ya ndani. Nilipofika pale, maana dereva alinipigia nimletee tairi mbili, nilikuta ya nje kushoto imeondoka kashata yote, yaani ule mpira wa juu unaogusa lami, limebaki ganda na ukuta umechanika, na ya ndani iko nzima imesimama. Wote waliokuwepo walikuwa wanaiangalia ile iliyopasuka, mimi nikapitisha mkono nikaweka geji kwenye ya ndani, ikasoma PSI 60. Nikapima za upande wa kulia, zote mbili zinacheza kwenye 120. Na hizo zote zilikuwa za moto, tairi ikiwa ya moto upepo unapanda, maana yake ile 60 ikipoa inashuka zaidi ya hapo. Dereva anasema akijaza huwa anaweka 110 asubuhi gari likiwa limepoa, na kwa jinsi za kulia zilivyosoma namuamini. Kwetu mafundi tairi ikishuka chini ya asilimia 80 ya upepo wake hiyo inahesabiwa imetembea bila upepo, hata kama kwa macho inaonekana imesimama vizuri. Asilimia 80 ya 110 ni 88. Hii ilikuwa 60.

Tairi pacha ni kama watu wawili waliobeba gogo moja, mmoja akilegeza bega mwenzake ndo anaumia na anayetazama kwa mbali anaona bado ni wawili. Upande wa kushoto ulikuwa umebeba kama kilo 5,850. Ya ndani ikiwa na nusu ya upepo wake ya nje inachukua sehemu kubwa, tuseme asilimia 70, hayo ni makadirio yangu ya kazi na mtaalam anaweza kuyapandisha au kuyashusha, ila kwa asilimia 70 unapata kilo 4,100 hivi kwenye tairi iliyoandikwa 3,150. Hiyo imezidi kwa karibu theluthi. Na usisahau gari limetoka Isyonje kwenye baridi likashuka mpaka bonde la Usangu, Chimala mpaka Igawa mchana ni joto tupu, halafu linaanza mlima na mzigo. Tairi iliyozidiwa ukuta wake unakunjika kila inapozunguka, kule kukunjika ndo kunazaa moto, na moto ndo unaoachanisha mpira na waya.

Na mjue hata bila gunia moja la mpunga bado ingezidiwa. Turudi kwenye 10,260 ya mizani, upande mmoja ni 5,130, asilimia 70 ni kilo 3,590. Bado iko juu ya 3,150. Yaani gari lililopita mizani kihalali likiwa na karatasi safi lilikuwa linatembea na tairi iliyozidiwa, mpunga uliongeza tu ila shida ilikuwepo tangu asubuhi. Mizani inapima ekseli, haiwezi kujua ndani ya pacha nani anambeba mwenzake. Sizilaumu mizani kwa hilo, nasema tusiiombe karatasi ya mizani itoe ushahidi wa kitu ambacho haikukipima.

Sasa umri. Kila tairi ina namba inayoanzia na herufi DOT na mwishoni kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Hii iliyopasuka imeandikwa 3215, wiki ya 32 ya mwaka 2015, yaani Agosti 2015. Ina miaka zaidi ya kumi. Ya ndani yake imeandikwa 0719, Februari 2019. Ile ya 2015 ilinunuliwa mtumba, kashata zilikuwa bado ndefu, nimepima kipande nilichookota ni milimita 9, na kwa hicho kimo mtu yeyote angeipitisha, mimi pia ningeiona kwa mbali ningesema hii bado. Kashata inakuambia tairi imetembea kiasi gani tu. Mpira unazeeka hata ukikaa stoo, unakauka, unapoteza mvuto wake na waya. Viwanda vingi vya matairi vinashauri baada ya miaka mitano tairi ikaguliwe na fundi kila mwaka, na ikifika kumi tangu itoke kiwandani iondolewe hata kama sura inapendeza. Uingereza tangu Februari 2021 wamepiga marufuku tairi ya zaidi ya miaka kumi kwenye ekseli ya mbele ya malori, na niseme ukweli, sheria kama hiyo isingemuokoa huyu kijana maana yake ilikuwa nyuma. Na sisemi kila tairi ya miaka kumi itapasuka, wapo wanaozitunza vizuri. Nasema tairi ya miaka kumi ukiipa mzigo wa mwenzake haina akiba.

Kitu kinachoniuma kuhusu hiyo namba ni mahali ilipokuwa. Tarakimu za wiki na mwaka mara nyingi zinachapwa upande mmoja tu wa tairi, upande wa pili unakuta DOT bila tarehe. Hii ilifungwa upande wenye tarehe ukiwa umegeukia ndani, unatazamana na tairi mwenzake, kwa hiyo hata mkaguzi mwenye nia njema kabisa akisimama pembeni ya gari hawezi kuisoma, inabidi apige magoti na tochi achungulie katikati ya pacha au aingie chini ya gari. Na mwenye gari akitaka kuficha umri ndo anaifunga hivyohivyo. Sijasema huyu alifanya makusudi, sina ushahidi huo.

Ndo tunafika kwenye fomu ya ukaguzi. Gari lilikuwa na stika, na kopi ya fomu ilikuwa kwenye dashibodi pamoja na bima. Ilikaguliwa miezi minne kabla ya ajali. Kwenye mstari wa matairi kuna neno moja, "Nzuri", na tiki. Gari lina tairi sita na spea, neno moja limezimaliza zote saba. Hakuna nafasi ya kuandika ipi ya mbele kulia ipi ya ndani kushoto, hakuna upepo, hakuna mwaka, hakuna kimo cha kashata. Miezi minne ni mingi, upepo unaweza kuwa ulikuwa sawa siku ile ukaja kuvuja baadae, hilo siwezi kulibishia. Ila umri haubadiliki, Agosti 2015 ilikuwa Agosti 2015 hata siku ya ukaguzi, na kama kungekuwa na kisanduku cha kuandika 3215 aliyekagua angelazimika kuitafuta hiyo namba, akiitafuta angeiona.

Upande wa mwenye gari ni pagumu zaidi maana hakuna kumbukumbu kabisa. Nilimuuliza dereva ile ya ndani iliwekwa lini upepo mara ya mwisho, akasema anapiga na nondo kila asubuhi akisikia mlio mzuri anaondoka. Simlaumu, wamefundishana hivyo tangu enzi na enzi na wengi hawana geji garini. Ila nondo itakuambia tairi imeisha upepo kabisa, haikuambii tofauti ya 110 na 75. Na ya ndani ndo inayoachwa siku zote, vali yake iko ndani, mkono haufiki bila kipande cha kuunganishia, wengi wanajaza ya nje wanaondoka. Baadae nilipoiweka kwenye ndoo ya maji vali ya ile ya ndani ilikuwa inatoa mapovu madogo madogo. Mpira wa vali, wadau. Kitu cha hela ya soda.

Mtu ataniuliza nimejuaje sio jiwe au shimo, maana mwenye gari ndo anachosema, kwamba barabara imempasulia tairi. Nimejua kwa kuitazama tairi. Iliyogonga jiwe au ukingo wa shimo unakuta jeraha lina sehemu moja lilipoanzia, ndani mpira umechanika kama msalaba au nyota, na waya zilizokatika hapo zinang'aa kwa sababu zimekatika leo. Hii haina nyota popote. Kashata imeondoka kama mkanda mrefu, chini yake mpira umegeuka rangi ya samawati na unanata, huo ni moto. Na pembeni mwa mkanda wa waya, pale begani, waya zina kutu. Kutu haiingii dakika ile ya ajali, ina maana maji yalikuwa yanapita kwenye nyufa muda mrefu na mpira ulishaanza kuachana na waya kabla ya safari hii. Ukuta umechanika baada ya kashata kutoka. Halafu tukaifungua ya ndani kwenye rimu, ndani yake kuna unga mweusi wa mpira na ukuta una mkunjo umezunguka tairi nzima. Ule unga unapatikana kwa njia moja tu, tairi kutembea na upepo mdogo kwa muda mrefu ikajisaga. Kwa hiyo haikuanza kuvuja siku ile.

Na hapa niwaonye mafundi wenzangu kwa sababu ile ya ndani ilikuwa hatari kuliko iliyopasuka. Wapo walioniambia pale pale barabarani iongeze upepo tu tuondoke. Tairi iliyotembea hivyo waya za ukutani zimeshachoka kwa kukunjwa, ukiirudishia 110 zinaweza kukatika moja baada ya nyingine kwa mstari, ukuta unafunguka kwa mkupuo na aliyeshika mpira wa upepo ndo anapigwa. Inatolewa kwenye rimu kwanza inatazamwa ndani, na ya kujaribu kujazwa inajazwa ndani ya kizimba fundi akiwa mbali, sio umeinama mbele yake.

Nirudi kwa kijana. Ule mkanda wa kashata ulipotoka ulizunguka na tairi ukapiga madigadi na ubao wa bodi juu yake, ubao ukavunjika, gari likayumba kushoto, gunia za juu zikateleza na yeye alikuwa amezikalia pale nyuma kushoto juu ya tairi hasa. Hakuwa na pa kushika. Dereva alilidhibiti gari vizuri, hakukanyaga breki ghafla, aliliachia likapunguza lenyewe akalitoa pembeni, angefunga breki tungekuwa tunaongea habari nyingine. Na huyo dereva ndo amebebeshwa msala wote sasa hivi, ameandikiwa kuendesha gari bovu, wakati hela ya tairi haitoki mfukoni mwake na aliyesema gunia 12 zipande hakuwa yeye.

Kijana alipata PF3, akatibiwa, paja limewekewa chuma. Mwenye gari alitoa hela ya siku ya kwanza akaacha, anasema huyo ni kibarua wa siku sio mfanyakazi wake, na mwenye mpunga anasema yeye alilipa gari sio mtu. Nawaomba wanaohusika na kazi na fidia wasiliache lipite hivihivi. Alipandishwa kwa kazi, ameumia akiwa kazini, taarifa iandikwe ipelekwe Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mfuko wenyewe ndo useme anastahili au hastahili kwa mujibu wa sheria, sio tajiri wa gari ajihukumie mwenyewe kwenye simu.

Ninachoomba kwenu wakubwa ni hiki. Lile faili lifunguliwe tena na pale kwenye chanzo paandikwe mambo yanayoweza kupimwa, yaani tairi ipi kwa nafasi yake, saizi na namba za mzigo, wiki na mwaka wa kila tairi ya ekseli ile, upepo wa zile zilizobaki na kama zilikuwa za moto au baridi wakati wa kupima, uzito wa karatasi ya mizani na mzigo ulioongezwa baada ya hapo. Hiyo ni nusu ukurasa, askari mwenye geji na simu ya kupigia picha anaimaliza kabla gari halijavutwa. Tukifanya hivyo kwa kila tairi inayobasti kati ya Tunduma na Ruaha Mbuyuni, baada ya muda mtajua wenyewe kama adui ni umri, upepo au mzigo, badala ya sisi kubishana vijiweni.

Fomu ya ukaguzi nayo ipasuliwe ule mstari wa matairi, kila tairi iwe na mstari wake, hasa za ndani. Na kama haiwezekani kusoma tarehe kwa sababu imegeukia ndani basi iandikwe haijasomeka, gari lirudi likiwa limegeuzwa tairi. Najua wenye magari mtalalamika kugeuza tairi ni gharama na muda, mimi ndo nazigeuza najua kazi yake, na bado nasema ni halali. Pale mizani sina hesabu ya kuwapangia foleni zenu, ila wakati gari limesimama likisubiri kupimwa kijana mmoja mwenye geji ndefu anaweza kupima zile za ndani tu, akikuta pacha zimepishana sana gari likajazwe au likatengenezwe kabla ya kuondoka.

Kuhusu mtu kukaa juu ya mzigo, hilo halihitaji mkutano. Kama mpakiaji anahitajika mbele ya safari akae kwenye kabini na mkanda, na kama kabini imejaa apande basi, nauli ya Igurusi mpaka Makambako haimfilisi mtu.

Jambo la haraka ni hizi tairi zenyewe. Zote mbili, ile iliyopasuka pamoja na vipande nilivyookota na ile ya ndani na vali yake, ziko kwenye kijiwe changu, nimeziandika kwa chaki namba na nafasi zilipokuwa na nina picha zilizopigwa pale pale barabarani kabla ya kufunguliwa, geji ikionekana inasoma 60. Nilienda kuuliza kama zinachukuliwa kwa ushahidi nikajibiwa haina haja, faili limeshafungwa. Mwenye gari ameshatuma mtu mara mbili akidai zake, na wakata makubazi wananiulizia ukuta wa ile ya ndani kila wakipita. Nimekataa wote. Ila mimi sio stoo ya serikali, mali ni ya mtu na akija na askari siwezi kumzuia. Kwa hiyo mkaguzi aje wiki hii na kitabu cha kupokelea, tusome namba pamoja, 3215 na 0719, aandike, asaini, aondoke nazo, na kopi moja ibaki kwa mama wa kijana.

Fundi matairi, Makambako.